Daraja la Karuma na malori: jinsi programu za ramani zinavyochagua njia, na mahali zinapokosea

Mwezi Mei 2024, malori mazito na mabasi makubwa yalizuiwa kuvuka daraja la Karuma, kaskazini mwa Uganda, baada ya wahandisi kubaini kwamba daraja hilo lililojengwa mwaka 1963 lilikuwa limechakaa mno kuendelea kubeba mizigo mikubwa. Magari madogo yaliendelea kupita. Mwishoni mwa Septemba mwaka huohuo daraja lilifungwa kabisa ili lifanyiwe ukarabati, na Desemba likafunguliwa tena.

Kwa muda wa takriban miezi mitano, basi, barabara moja ilikuwa barabara mbili. Kwa mwenye gari dogo, safari ya Kampala hadi Gulu ilibaki ileile ya takriban kilomita 340. Kwa dereva wa lori la mizigo, kilomita hizo 340 zilikuwa hazipo tena, na njia aliyoelekezwa kuifuata ilizunguka mashariki kupitia Tirinyi, Mbale, Soroti na Lira, mwendo unaozidi kilomita 550. Simu zilizo mikononi mwa madereva hao wawili zinaweza kuwa na programu moja ya ramani. Swali ni kama programu hiyo inatambua kwamba walioishika hawaendeshi gari la aina moja.

Nyingi hazitambui. Google Maps, ambayo ndiyo iliyozoeleka zaidi, haina mahali ambapo dereva anaweza kuandika kwamba gari lake lina kimo cha mita nne na uzito wa tani hamsini. Inatafuta njia ya gari dogo, au ya pikipiki, au ya mtembea kwa miguu. Programu zinazotafuta njia ya lori zipo, za kulipia na za bure, na miongoni mwa zile za bure iliyoenea ni OsmAnd, ambayo hufanya kazi hata pasipo mtandao. Dereva huchagua aina ya gari kuwa lori, kisha huingia kwenye vipimo vya gari na kuandika kimo, upana, urefu na uzito. Kuanzia hapo programu huacha kutafuta njia iliyo fupi tu, na kutafuta njia iliyo fupi miongoni mwa zile ambazo gari hilo linaweza kupita.

Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini ndiyo shina la jambo zima.

Ramani kama kompyuta inavyoiona

Programu haioni barabara kama mchoro. Inachoona ni vipande vilivyounganishwa kwenye njiapanda, kila kipande na gharama yake, ambayo mara nyingi ni muda wa kukipita. Kazi yake ni kuunganisha vipande kutoka mwanzo wa safari hadi mwisho kwa jumla ndogo kabisa. Inapotafuta njia ya lori huongeza hatua moja: kabla ya kukubali kipande chochote, hulinganisha vipimo vya gari na vikomo vilivyoandikwa kwenye kipande hicho. Gari likizidi kikomo, kipande hicho hakiongezewi gharama tu, bali huondolewa kana kwamba hakikuwahi kujengwa.

Vikomo hivyo huandikwa na watu. Katika OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa nchini Uingereza mwaka 2004 na ambayo OsmAnd huitegemea, mtu yeyote aliyejisajili anaweza kukichagua kipande cha barabara na kukiongezea maelezo mafupi yanayoitwa lebo. Tuseme daraja fulani lina kibao kinachokataza gari lenye uzito unaozidi tani 10. Lebo zake huandikwa hivi:

```
bridge=yes
maxweight=10
```

Mstari wa kwanza unasema kipande hiki ni daraja, wa pili unasema mwisho wa uzito ni tani 10. Kimo huandikwa kwa `maxheight`, urefu kwa `maxlength`, na uzito unaoruhusiwa kwa kila ekseli kwa `maxaxleload`. Tani na mita hazitajwi, kwa kuwa ndizo zinazochukuliwa pasipotajwa kipimo kingine. Barabara iliyokatazwa malori yote mazito, bila kujali yamebeba nini, huwekewa `hgv=no`.

Hapa pana jambo ambalo watumiaji wengi hawalijui. Kipande kisicho na lebo ya kikomo huchukuliwa kuwa hakina kikomo. Programu haina namna ya kutofautisha daraja ambalo mhandisi amethibitisha kuwa linabeba kila kitu na daraja ambalo hakuna mtu aliyewahi kusimama kusoma kibao chake. Yote mawili kwake ni njia nyeupe. Kwa hiyo dereva aliyeandika vipimo vyake vyote kwa uaminifu bado anaweza kupelekwa mahali asipoweza kupita, na programu ikawa haijakosea hesabu hata moja.

Lori la ekseli sita, kutoka Kampala hadi Gulu

Tuchukue lori la kawaida katika barabara za kanda hii: kichwa cha ekseli tatu kinachovuta trela la ekseli tatu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 kuhusu udhibiti wa uzito wa magari inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, tani 18 kwenye ekseli mbili zilizo pamoja zenye matairi manne kila moja, na tani 24 kwenye ekseli tatu zilizo pamoja. Ukijumlisha 8, 18 na 24 unapata tani 50. Lori lililopakiwa hivyo hupita kwenye mizani bila faini, kwani ukomo wa juu kabisa wa sheria hiyo ni tani 56 kwa gari lenye ekseli saba au zaidi.

Kupita mizani, hata hivyo, si ruhusa ya kupita kila daraja. Mizani hupima gari kwa kulilinganisha na sheria ya nchi nzima. Kibao cha daraja hulilinganisha na chuma na zege ya mahali pale. Dereva ataandika 50 kwenye sehemu ya uzito. Kwenye sehemu ya ekseli, ikiwa programu inayo, ataandika 9, kwa sababu ekseli iliyobeba zaidi katika gari lake ni mojawapo ya zile mbili zinazogawana tani 18. Asiandike 24, ambazo ni jumla ya ekseli tatu za nyuma. Akifanya hivyo programu itamzuia hata kwenye barabara zilizo salama.

Sasa aombe njia ya Kampala hadi Gulu, na tuchukulie ni Juni 2024 na kwamba katazo la Karuma limekwisha kuandikwa kwenye ramani. Kampala iko kusini mwa Mto Nile na Gulu iko kaskazini, na katikati yake mto huo na Ziwa Kyoga vimeikata nchi kama ukuta. Kila njia ya gari lazima iuvuke mto huo mahali fulani. Programu ikishakiondoa kipande cha Karuma, haisimami kusubiri maelekezo ya mamlaka. Hutafuta mvuko unaofuata kwa ufupi.

Mvuko huo hauko Mbale. Ukiwa umefika Kafu, ulio karibu zaidi ni wa kuelekea kushoto hadi Masindi, kisha kuingia ndani ya hifadhi ya taifa ya Murchison Falls, kuvuka Nile kwenye daraja la Paraa lililochukua nafasi ya kivuko cha zamani, na kutokea Pakwach. Ni njia inayotumiwa na magari mepesi na ya abiria, ikipita katikati ya mbuga ya wanyama. Malori mazito hayakuelekezwa huko. Yalielekezwa mashariki, yavuke Nile huko Jinja kwenye daraja jipya lililofunguliwa Oktoba 2018, yalizunguke Ziwa Kyoga kupitia Mbale na Soroti, yafike Lira, kisha Kamdini, ambako barabara ya Lira inakutana na ile ya Gulu upande wa kaskazini wa Karuma.

Ili programu iseme hivyo, haitoshi kuandika katazo la Karuma. Ni lazima pia barabara ya hifadhini iwe na lebo inayozuia malori. Ikikosekana, katazo la kwanza linageuka kuwa maelekezo ya kumpeleka dereva wa tani 50 langoni mwa hifadhi, na hapo atageuza gari, kama pana nafasi ya kuligeuzia. Baada ya hifadhi hiyo bado kuna vivuko vya ziwani na mtoni, kama kile cha Masindi Port, ambavyo kwenye ramani huonekana kama mstari wa barabara juu ya maji. Kivuko kisicho na lebo ya uzito nacho ni njia nyeupe.

Hiyo ndiyo sababu wachora ramani wenye uzoefu hawaandiki katazo moja na kuondoka. Baada ya kuandika, huomba njia ya lori kati ya miji miwili iliyo pande mbili za katazo, huona njia mpya ilikoangukia, kisha hujiuliza kama nayo inapitika. Kazi hurudiwa hadi mstari utakapofuata barabara ambayo malori yanaitumia kweli.

Kwa dereva anayetoka Mombasa kwenda Juba jambo hili halikuwa na uzito sawa. Akivuka mpaka Malaba au Busia, tayari yuko mashariki mwa Nile, na barabara ya Tororo, Mbale, Soroti na Lira inamfikisha Kamdini na Gulu bila kukanyaga Karuma. Aliyeumia ni yule ambaye mzigo wake ulipakiwa Kampala. Kama lori lake linatumia lita 45 kwa kila kilomita 100, mzunguko wa ziada wa kilomita 240 ni zaidi ya lita 100 za dizeli, kwenda tu. Ndiyo maana kishawishi cha kuandika uzito mdogo kuliko ule halisi ili programu ifungue njia fupi si cha kubuni.

Uzito wa leo na uzito wa kadi

Kuna vibao vya aina mbili vinavyofanana machoni. Kimoja huzuia uzito wa gari lilivyo wakati huo, pamoja na mzigo, mafuta na utingo wake. Kingine huzuia gari kwa uzito wa juu ulioandikwa kwenye kadi yake, hata likiwa tupu. OpenStreetMap huvitofautisha: cha kwanza ni `maxweight`, cha pili ni `maxweightrating`. Aliyeandika lebo akichanganya, lori tupu litazungushwa bila sababu, au lori lililokatazwa litaruhusiwa.

Kwa upande wa dereva, uzito ni kipimo kinachobadilika katikati ya safari. Lori la tani 50 likishusha mzigo linaweza kurudi na uzito usiofikia tani 20. Dereva anayebadilisha namba kwenye simu ili arudi kwa njia fupi hana kosa, mradi kibao kinahusu uzito halisi. Hatari huja katika safari inayofuata, anapopakia upya na kusahau kwamba simu bado inaamini yuko mtupu. Hakuna programu ya simu inayolipima lori.

Zipo pia namba zinazojaza nafasi pale mtumiaji asipoandika kitu. Valhalla, injini huria ya kutafuta njia inayotumiwa na watengenezaji wa programu mbalimbali, isipoelezwa vingine huchukulia kwamba lori lina kimo cha mita 4.11, urefu wa mita 21.64 na uzito wa tani 21.77. Vipimo hivi vinatokana na futi na ratili za Kimarekani, mita 4.11 ni futi 13 na inchi 6. Uzito huo haufiki hata nusu ya lori letu la ekseli sita. Mtu aliyechagua picha ya lori kwenye skrini na kuishia hapo anaweza kudhani analindwa, kumbe programu inaelekeza gari jingine kabisa.

Kimo, na kontena lililobadilika

Kimo kina tabia yake. Daraja lililozidiwa uzito linaweza kuvumilia mara kumi kabla ya kuonyesha ufa. Daraja la juu lililo chini kuliko gari halivumilii hata mara moja.

Kontena la kawaida lina kimo cha mita 2.59. Lile refu zaidi, ambalo sasa limeenea bandarini, lina mita 2.90. Likipandishwa juu ya trela ambalo kitanda chake kiko mita 1.5 kutoka ardhini, la kwanza linafanya jumla ya mita 4.09 na la pili mita 4.40. Kwa mtazamaji wa mbali yanafanana. Penye kikomo cha mita 4.2, moja hupita na jingine hukwama, na dereva ni yuleyule, trela ni lilelile, barabara ni ileile aliyoipita juzi. Kwa sababu hiyo kimo hakifai kuandikwa mara moja wakati programu inasakinishwa na kusahauliwa. Hupimwa kwa futi ya mkanda baada ya kupakia, kutoka ardhini hadi sehemu ya juu kabisa, pamoja na turubai na chuma chochote kinachochomoza. Trela likiwa na mzigo mwepesi, springi zake hukaa juu kidogo kuliko likiwa limelemewa. Anayepita kwa nafasi ya sentimita chache akiwa na mzigo asitarajie kupita vivyo hivyo akiwa na kontena tupu.

Kwenye ramani kosa la kimo lililo maarufu ni la mahali. Reli ikipita juu ya barabara, kikomo cha kimo kinawahusu wanaopita chini. Lebo lazima iwekwe kwenye kipande cha barabara iliyo chini. Mchora ramani asiye makini huliona neno daraja, hulibofya daraja, na kuiandika lebo juu yake. Matokeo yake ni kwamba kikomo kinawekewa treni, na lori linapita chini ya programu likiwa na baraka zote. Pale ambapo barabara mbili zinapishana, moja juu ya nyingine, kosa hilohilo huzuia malori kwenye barabara ya juu ambako hakuna dari isipokuwa mbingu. Kosa jingine ni la uandishi: mita 4.2 zilizoandikwa kwa mkato badala ya nukta, au nukta iliyosahauliwa na kuacha 42. Daraja lenye nafasi ya mita 42 halimzuii mtu.

Dari za vituo vya mafuta, malango ya maghala, nyaya zilizolegea na matawi ya miti haviko kwenye hesabu hii. Ni nadra sana mtu kuviandika.

Urefu ndio unaoeleweka vibaya zaidi

Mtu anayeandika mita 17 kwenye sehemu ya urefu hudhani kwamba programu itakagua kama gari lake linaweza kukata kila kona. Kwa kawaida haifanyi hivyo. Hulinganisha namba hiyo na lebo ya `maxlength`, na lebo hiyo ipo tu pale ambapo mamlaka imeweka kibao cha urefu na mtu amekinakili. Kona kali isiyo na kibao, mzunguko mdogo wa mjini, au njiapanda yenye nguzo ya umeme kwenye pembe, programu huvipita kama pikipiki. Hesabu ya jinsi matairi ya nyuma ya trela yanavyokata ndani ya kona ipo katika programu za wahandisi wa barabara, lakini haimo katika zile za simu zinazozungumziwa hapa. Kwa hiyo kati ya vipimo vyote vitatu, urefu ndio ambao dereva bado analazimika kutegemea macho na kumbukumbu za wenzake.

Mvua nayo haina lebo. Barabara ya udongo inaweza kuandikwa kwamba haina lami, na programu ikaipunguzia mwendo, lakini haijui kwamba jana usiku ilinyesha na kwamba udongo mweusi umekuwa uji. Njia ya mkato iliyo halali kwa kimo, kwa uzito na kwa urefu bado inaweza kulilaza lori huko kwa siku mbili.

Kuijaribu programu kabla ya kuiamini

Njia rahisi ya kujua kama programu inafanya kazi yake ni kuidanganya kwa makusudi, gari likiwa limeegeshwa. Dereva huchagua mahali anapofahamu kuwa pana kikomo, kisha huomba njia inayopita hapo, kwanza kwa vipimo vyake halisi, halafu kwa vipimo visivyowezekana, kama kimo cha mita 10 au uzito wa tani 200. Njia ikibadilika, programu inasoma vipimo na ramani inakijua kikomo kile. Isipobadilika, ama vipimo havikuhifadhiwa, ama kikomo hakimo kwenye ramani. Kutofautisha hayo mawili, arudie jaribio mahali pengine penye kikomo kinachojulikana. Ikiwa hakuna mahali popote ambapo njia inabadilika, tatizo liko kwenye mipangilio ya simu.

Ishara nyingine ni safari ambayo njia ya lori na njia ya gari dogo zinafanana kwa kila kona, kutoka katikati ya mji mmoja hadi katikati ya mji mwingine. Huenda ni kweli hakuna kizuizi. Lakini mijini, ambako mitaa mingi hukataza malori, kufanana huko kunapaswa kumfanya dereva asite.

Umri wa ramani ni jambo jingine. Ramani za OsmAnd zinazopakuliwa bure hutolewa upya takriban mara moja kwa mwezi, na simu huendelea kutumia ile ya zamani mpaka mwenyewe apakue mpya. Simu yenye ramani ya Aprili 2024 haikuwa na namna ya kujua katazo la Mei. Kinyume chake pia ni kweli, na ndicho husahauliwa: simu yenye ramani ya Oktoba 2024 iliendelea kuiona Karuma imefungwa hata baada ya daraja kufunguliwa Desemba. Katazo lililopitwa na wakati halivunji daraja, ila humla dereva mafuta kimyakimya, naye hana sababu ya kushuku, kwa kuwa safari imekwenda salama.

Matangazo ya kufunga na kufungua Karuma yalitolewa na Mamlaka ya Barabara za Taifa ya Uganda, UNRA, ambayo shughuli zake baadaye zilirejeshwa wizarani. Matangazo kama hayo hutoka kwa barua, redio na mitandao ya kijamii, na hayaingii yenyewe kwenye ramani. Lazima mtu ayasome na ayaandike. Dereva asiyejua kuhariri ramani anaweza, ndani ya OsmAnd au kwenye tovuti ya OpenStreetMap, kuacha maelezo mafupi mahali husika: kibao kinasema nini, kiko upande gani, kilionekana tarehe gani. Picha ya kibao chenyewe humsaidia mhariri zaidi kuliko maneno, kwani huonyesha kama namba ni tani au mita, na kama katazo linahusu gari zima au ekseli. Maelezo yasemayo tu kwamba njia ni mbaya kwa malori hukaa miezi bila kushughulikiwa, kwa sababu hayampi mhariri namba ya kuandika.

Na ikitokea programu imeonyesha njia iliyo ndefu isivyo kawaida, lipo jambo la kufanya kabla ya kuizima. Dereva arudishe namba moja moja: aondoe kimo na kuacha uzito, kisha aondoe uzito na kuacha kimo. Namba ambayo ikiondolewa njia hufupika ndiyo iliyokutana na kikomo. Akifuatilia mstari mfupi kwenye skrini na kulinganisha na ule mrefu, ataliona daraja lenyewe, na anaweza kumpigia simu mwenzake aliyepita huko wiki hiyo kumuuliza kibao kinasemaje.